Ujumbe wa kila mwezi kwa wakala wa ajira, ukiwa bado una kazi yako

Nimekuwa nikitafutia kampuni watu hapa Mombasa kwa miaka kadhaa sasa: hoteli za Nyali na Diani, ofisi za kutoa mizigo bandarini, maghala ya Changamwe na Miritini. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza swali lile lile. "Nina kazi, sitafuti nyingine kwa sasa, lakini sitaki unisahau. Nikuandikie nini?" Wengi wakishauliza hawaandiki kitu. Au wanaandika "Mambo vipi" mara moja, kisha kimya mwaka mzima mpaka siku wameachishwa kazi, na hapo ndipo wanapiga simu tano kwa siku. Nawaandikia hao.

Kabla ya hatua zenyewe, jua jinsi tunavyofanya kazi upande wetu. Kampuni ikinipigia kwamba inataka mtu, sianzi na tangazo. Nachukua simu, nafungua WhatsApp, naandika neno moja kwenye nafasi ya kutafutia: "forodha", "mpishi", "ghala". Majina yatakayojitokeza ndiyo nitakayoanza kuyapigia, na mara nyingi oda huishia hapo hapo. Kwa hiyo ujumbe wako una kazi mbili. Ya kwanza ni kunikumbusha siku unapofika. Ya pili ni kuonekana siku nitakapokutafuta, ambayo huenda ikawa miezi minne baadaye. Watu huandika kwa ajili ya ile ya kwanza peke yake, na ile ya pili ndiyo inayoleta simu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wakala anayekujua kweli. Awe amewahi kukufanyia usaili, kukupigia simu, au kupeleka jina lako mahali. Mtu uliyechukua namba yake kwenye tangazo la kazi hakujui bado.
- Laini yako mwenyewe na simu yako mwenyewe, si ya ofisi.
- Barua pepe yako binafsi, na wasifu wako ukiwa faili moja ya PDF yenye jina lako na kazi yako, kwa mfano `jina-lako-forodha.pdf`.
- Mkataba wako wa kazi, uangalie muda wa notisi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka angalau siku 28 kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, lakini mkataba wako unaweza kudai zaidi. Usikisie. Nimewahi kumwambia mteja "anaweza kuanza baada ya mwezi", kumbe mkataba wa mtu ulisema miezi mitatu, na nafasi ikaenda kwa mwingine.
- Daftari, au ukurasa mmoja wa kuandikia kwenye simu.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja, wawili wakizidi

Ukiwa na mawakala sita utachoka mwezi wa pili, na utaanza kunakili ujumbe mmoja kwa wote. Usitumie ile orodha ya WhatsApp ya kupeleka ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa pamoja. Ujumbe wa orodha ile unamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wakala ambaye hajaihifadhi hapokei chochote, na wewe unabaki ukidhani umemwandikia.

Hatua ya 2: Omba ruhusa mara moja tu

Ujumbe wa kwanza ndio mrefu kuliko yote. Ndani yake unajitambulisha, unamkumbusha mlikutana wapi, unasema wazi kwamba hutafuti kazi, na unamwambia utamwandikia kidogo kila mwezi. Mfano ni wa dada mmoja wa Mikindani, karani wa forodha katika kampuni ya kutoa mizigo. Ujumbe aliotaka kunitumia mwanzoni, kabla hatujakaa pamoja kuuandika upya, ulikuwa hivi:

> Hujambo
> Habari za siku nyingi
> Nilikuwa nakusalimia tu usinisahau

Jumbe tatu, na hakuna hata moja itakayojitokeza nikiandika "forodha". Namba yake sikuwa nimeihifadhi, kwa hiyo nisingejua hata ni nani. Tuliouandika badala yake ni huu, na majina nimeyaondoa:

> Hujambo Bi. Fulani, ni (jina kamili), karani wa forodha, tulifanya usaili nawe mwezi wa tisa kwa ile nafasi ya Shimanzi. Bado niko kazini na sitafuti kazi kwa sasa. Ningependa kukujulisha kidogo kila mwezi ninavyoendelea, ili ikitokea nafasi ya forodha hapa Mombasa ujue nilipo. Notisi yangu ni mwezi mmoja. Ikiwa hupendi kuandikiwa hivi, niambie tu. Asante.

Maneno "sitafuti kazi kwa sasa" watu huyaogopa, wanadhani nitafunga faili yao. Ni kinyume. Mtu aliyetulia kazini ni rahisi kumpeleka kwa mteja kuliko mtu mwenye wasiwasi, na mimi napenda kujua ukweli kabla sijataja jina lako mahali.

Jambo la mahali hapa nalo. Kwetu pwani salamu ni heshima, huwezi kumvamia mtu na shida zako. Lakini kwenye simu, salamu peke yake ni mzigo kwa anayepokea: anaona "Hujambo", anajibu "Sijambo", anasubiri, na wewe umeshaingia kwenye feri. Weka salamu na jambo lenyewe ndani ya ujumbe mmoja. Ukimsalimia mtu kwa "Shikamoo" au "Assalaam aleikum" kama mlivyozoeana, endelea nayo, ilimradi mstari huo huo uwe na jina lako na kazi yako. Kwenye orodha ya mazungumzo yanaonekana maneno machache tu ya mwanzo, na wengine hawafungui zaidi ya hapo mpaka jioni.

Hatua ya 3: Weka siku, uiache simu ikukumbushe

Wiki ya pili ya mwezi ni nzuri. Mwisho wa mwezi na siku zake za kwanza kila ofisi ina mambo ya mishahara. Jumanne, Jumatano au Alhamisi, baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Ijumaa watu wengi wanatoka kwenda msikitini, na wakirudi wanafunga wiki. Weka kumbusho kwenye kalenda ya simu lijirudie kila mwezi. Ukichelewa siku tatu si neno. Ukikosa mwezi mzima usiombe radhi mwezi unaofuata, andika tu kama kawaida.

Hatua ya 4: Jenga ujumbe kwa sentensi nne

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nenda polepole.

Sentensi ya kwanza ni salamu, jina lako na kazi yako. Kila mwezi, hata kama mmezoeana. Jina la kazi liandike kwa ukamilifu, na liwe lile lile lililo kwenye barua yako ya ajira. Mkato kama "krn wa frdh" hautokei mtu akitafuta. Ikiwa matangazo ya kazi yako huandikwa kwa Kiingereza, basi cheo chako kitaje hivyo hivyo angalau mara moja kila baada ya miezi miwili mitatu, kwa sababu mteja atanipa oda kwa maneno hayo na mimi nitatafuta kwa maneno hayo.

Sentensi ya pili ni jambo moja jipya. Moja. Liwe kitu ulichofanya au ulichojifunza, kinachoweza kupimwa au kutajwa kwa jina. "Naendelea vizuri" si jambo jipya. "Mwezi huu nimeanza kushughulikia makontena ya friji, zamani nilikuwa magari tu" ni jambo jipya, na kwangu ni kubwa, kwa sababu mteja anayesafirisha parachichi hataki mtu wa magari.

Sentensi ya tatu ni hali yako: uko kazini, hutafuti, na nini kingekufanya usikilize. Masharti yako yawe machache na yasibadilike kila mwezi. Dada wa Mikindani alikuwa na mawili: asihamie Nairobi, na asirudi kwenye kazi ya zamu ya usiku. Kiasi cha mshahara kiseme mara moja tukizungumza kwa simu, usikiandike kila mwezi, maana unakifunga mwenyewe.

Sentensi ya nne inafunga mlango taratibu: "Huna haja ya kujibu, nakutakia wiki njema." Sentensi hii ndiyo inayoufanya ujumbe uwe mwepesi. Ukimaliza kwa swali, umenipa deni. Nina madeni kama hayo arubaini kwenye simu yangu, na nikishindwa kuyalipa naona haya, na nikiona haya naacha kufungua ujumbe wako.

Huu ndio ujumbe wake wa mwezi wa pili:

> Habari ya asubuhi Bi. Fulani, ni (jina), karani wa forodha. Mwezi huu nimeanza kushughulikia makontena ya friji kwenye iCMS, mpaka sasa kumi na moja, hapo awali nilikuwa magari pekee. Bado niko kazini na sitafuti, ila nafasi ya mizigo ya friji hapa Mombasa ningeisikiliza. Huna haja ya kujibu, nakutakia wiki njema.

Maneno matatu yatakayonifikisha kwake yamo: forodha, friji, iCMS. Huo mfumo wa KRA wateja wangu wote wa bandarini huuliza kama mtu anaujua. Angalia pia kwamba hakutaja mwenye mizigo ni nani, wala meli, wala bei. Hilo ni la mwajiri wake. Mtu anayenimwagia siri za kampuni yake ili nimkumbuke, namkumbuka kweli, lakini simpeleki kwa mteja.

Hatua ya 5: Mwezi usio na jipya

Utafika tu. Kazi nyingi hazina jipya kila siku thelathini. Una njia tatu.

Ya kwanza, taja kitu kinachoendelea: "Bado nasomea cheti cha forodha cha EACFFPC, nimebakiza somo moja." Ya pili, ruka mwezi. Naam, ruka, hakuna atakayekukata jina.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: nipe mtu. "Mwenzangu mmoja ni dereva wa forklifti mwenye miaka sita ya kazi, mkataba wake unaisha mwezi ujao, ameniruhusu nikupe namba yake." Ujumbe kama huo unanifaa siku hiyo hiyo, na jina lako linabaki kwangu kama mtu anayejua watu. Lakini lile neno "ameniruhusu" liwe la kweli. Muulize mwenzako kwanza. Namba ya mtu ni yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasimama upande wake. Halafu usinipe mtu usiyeweza kumsimamia. Akiharibu, mteja atanilaumu mimi, nami nitakukumbuka wewe.

Hatua ya 6: Andika ulichotuma

Tarehe, mtu, jambo jipya, na kama alijibu. Mstari mmoja. Bila daftari utanitumia makontena ya friji miezi mitatu mfululizo, nami nitayaona yote matatu yamepangana kwenye skrini moja.

Hatua ya 7: Kila baada ya miezi minne, barua pepe

WhatsApp ni ya kukumbushana, si ghala la kuhifadhia. Simu zinaibiwa, zinaangukia majini, watu wanabadilisha laini. Kwa hiyo mara tatu kwa mwaka tuma wasifu wako mpya kwa barua pepe, na kichwa cha barua kiwe jina, kazi na mji: "(Jina), karani wa forodha, Mombasa, wasifu mpya". Mwezi huo barua ndiyo ujumbe wako, usitume vyote viwili.

Makosa ninayoyaona sana

*Ujumbe wa sauti.* Unaona ni wa kirafiki, lakini sauti haitafutiki kwa maneno. Tena wengi huirekodi wakiwa kwenye matatu au kwenye feri ya Likoni, nasikia king'ora na makondakta kuliko ninavyokusikia wewe.

*Picha za "Juma Mubarak" na za Idd.* Salamu za sikukuu ni njema na nazipokea kwa moyo mmoja, lakini usizihesabu kuwa ujumbe wa mwezi. Picha ile imetumwa kwa watu mia, ina alama kwamba imepitishwa, na haina jina la kazi yako ndani.

*Kuandika ukiwa na hasira.* Bosi amekugombeza saa tatu, saa nne unaniandikia kwamba kampuni haina maana. Kesho mmepatana, ila maneno yako yako kwangu bado. Subiri siku mbili.

*WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi.* Hili lilimpata kijana mmoja wa mapokezi hotelini. Aliunganisha simu yake na kompyuta ya kaunta ili atume picha moja, akasahau. Jibu langu lilitokea pembeni mwa skrini msimamizi wake akiwa amesimama nyuma yake. Alikuwa hatafuti kazi hata kidogo, na alitumia wiki mbili kujieleza. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na utoe kila kifaa ambacho si chako.

*Jumbe zinazotoweka.* Kama mazungumzo yenu yamewekwa kutoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kila ulichoandika kinapotea na utafutaji wangu hauoni kitu. Gusa jina la wakala juu ya mazungumzo uangalie. Kama wewe ndiye uliyewasha, zima. Kama ni yeye, tegemea barua pepe zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Alama moja ya kijivu tu, wiki nzima.* Ujumbe haujafika. Huenda amebadilisha namba, simu imezimwa, au amekuzuia. Usipige simu mfululizo. Tuma barua pepe fupi moja. Ikikaa kimya mwezi mzima, mwache.

*Alama mbili za buluu, hakuna jibu.* Hiyo ndiyo hali ya kawaida, tena ulimwambia mwenyewe hana haja ya kujibu. Lakini kama mwaka umepita bila neno hata moja kutoka kwake, punguza uwe mara moja kila miezi mitatu, na tafuta wakala mwingine anayeshughulika zaidi na kazi za aina yako.

*Anajibu mtu usiyemjua.* Ile namba ilikuwa ya ofisi, na uliyemjua ameondoka. Jitambulishe upya kwa ujumbe wa hatua ya 2, kwa sababu kwa huyu mpya wewe ni mgeni. Yule wa zamani, ukimpata, mwandikie pia. Mawakala wakihama huondoka na kumbukumbu za watu wazuri kichwani.

*Anakuomba pesa ili "faili yako ibaki juu".* Acha hapo hapo. Wakala ninayemzungumzia hulipwa na kampuni inayotafuta mtu. Kukumbukwa hakuna bei ya mwezi.

*Anakupigia na nafasi, na wewe huitaki.* Jibu siku hiyo hiyo, na utoe sababu ya kweli. Dada wa Mikindani nilimpigia mwezi wa tano na nafasi ya friji, nzuri tu, lakini ilikuwa na zamu za usiku. Aliniambia kwa sentensi moja: "Asante sana, usiku siwezi kwa sababu ya mtoto, mchana ningekuja." Sikukasirika. Niliandika "mchana" mbele ya jina lake, na mwezi uliofuata akaniletea ujumbe wake kama kawaida, kwamba sasa anamfundisha karani mpya.

*Hali imebadilika, sasa unatafuta kweli.* Usiufiche ndani ya ujumbe wa mwezi nikabaki nakisia. Andika mwanzoni kabisa: "Kuanzia leo natafuta kazi, mkataba wangu unaisha tarehe fulani." Ujumbe huo uwe na swali mwishoni, wasifu uambatane nao, na unipigie siku ya pili yake asubuhi.